Kisiwa Kisichotajwa Jina

Nilikuwa bado mtoto wa kulala mkeka mmoja na Bibi, kule Ukerewe, aliponiambia kwamba ziwani kuna visiwa vinavyotembea. Hakulisema kwa sauti ya hadithi. Alikuwa anachambua dagaa, akalisema kama mtu anayekumbusha kwamba kesho ni siku ya gulio. Visiwa hivyo hutembea usiku, alisema, na ukikutana na kimoja usikiite kisiwa. Ukikitaja kwa jina hilo, kinachukua mtu.

Nilimuuliza kinachukua nani.

"Aliye karibu," alisema, akaendelea na dagaa wake.

Watoto huamini mambo mengi kwa muda, halafu huyaacha bila kutambua siku waliyoyaacha. Hili nililiacha nilipokuwa shule ya msingi. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kisiwa ni nini, na katika maelezo yake hapakuwa na miguu. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa nasubiri matokeo, na mjomba akanitafutia kazi kwenye boti ya mizigo iliyotoka Mwanza kupeleka saruji na soda visiwani. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku hizi nafanya kazi ya habari na naishi Kiseke, hapo hapo Mwanza, mahali ambapo huwezi kuliona ziwa mpaka upande juu ya mawe. Lakini usiku ukiwa mtulivu na mvua imenyesha, vyura wakianza kulia bondeni, huwa naamka na kukaa kitandani. Mke wangu amezoea.

Kwenye boti tulikuwa wanne. Nahodha alikuwa Mzee Magesa, Mjita wa maneno machache. Hamisi alikuwa fundi wa injini. Sospeta, kijana wa Mkolani, alikuwa mpishi na mpakiaji, na ndiye aliyekuwa akitania watu mchana kutwa. Mimi nilikuwa wa kuosha sitaha, kuchota maji yaliyovuja na kufunga kamba.

Safari yangu ya tatu, giza lilitukuta katikati ya ziwa. Nahodha hakutaka kusonga mbele, kwa sababu eneo lile wavuvi wa sangara hutega nyavu bila kuweka taa, na wavu ukijizungusha kwenye propela boti inakuwa kama gogo. Akatafuta mahali ambapo kina kinaruhusu, tukashusha nanga. Tulitoa kamba ndefu, mara nne au tano ya kina, kwa sababu nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika kamba inapolala na kuivuta kwa chini. Kamba ikiwa fupi huinyanyua, na nanga inaanza kutembea.

"Leo zamu ni yako," nahodha aliniambia. "Peke yako. Watu wamechoka."

"Ndiyo, nahodha."

"Sospeta, mwonyeshe."

Sospeta alinipa kipande cha chuma kilichofungwa kwenye uzi wa nyavu. Alikitupa majini kando ya boti, akaacha kizame hadi chini, kisha akaongeza uzi kidogo ili ulegee, akaufunga kwenye msumari. "Hicho chuma kimelala, hakiendi kokote," alisema. "Uzi ukiwa umelegea hivi, boti ipo. Uzi ukikaza na kuelekea mbele, ujue tunarudi nyuma na nanga. Kila mara shika pia kamba ya nanga. Ikiwa imetulia, sawa. Ikitetemeka mkononi, nanga inakwaruza chini. Umeelewa, dogo, au nikuchoree?"

"Nimeelewa."

"Na usiku ukiogopa, usiniamshe mimi. Mwamshe nahodha, yeye ndiye anayelipwa vizuri."

Nahodha alinionyesha mambo mawili ya mwisho. Upepo ulikuwa unatoka mbele yetu, na huko, mbali sana, taa nyekundu ya mnara wa simu ilikuwa inawaka na kuzima kwenye kisiwa ambacho chenyewe hakikuonekana. Nyuma yetu, upande upepo unakoelekea, kulikuwa na mawe. "Hayaonekani," alisema. "Ila yapo. Tukiachia bila injini, tutaishia hapo." Kisha akaenda kulala, na ndani ya muda mfupi nikawa mtu pekee aliye macho.

Sijui nilizunguka boti ile mara ngapi. Mtu anayekesha kwa mara ya kwanza hawezi kukaa. Nilishika kamba, nikashika uzi, nikaangalia taa nyekundu, nikarudi kwenye kamba. Mbali upande wa kulia taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga kama mtaa. Nilizitazama mpaka nikahisi zinasogea, ndipo nikaacha kuzitazama. Kila ubao ulipolia nilidhani ni nanga. Nilitamani Sospeta aamke anitukane.

Kisha nikasikia vyura.

Nilisimama. Walikuwa wengi, wanalia kwa pamoja, kama kwenye dimbwi nyuma ya nyumba. Nilijua tulikuwa mbali na nchi kavu, na nilijua chura haishi katikati ya ziwa. Sauti ilikuja na upepo, ikapotea, ikarudi. Baada yake ikaja harufu ya tope na majani yaliyooza. Ilikuwa harufu ya ufukweni.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa ya kawaida: tumeburutwa, tuko karibu na nchi. Nilikimbilia uzi. Ulikuwa umelegea kama Sospeta alivyouacha. Niliinama mbele na kushika kamba ya nanga kwa mikono miwili. Ilikuwa imetulia. Boti haikuwa imesogea hata kidogo. Nikatazama taa nyekundu. Ilikuwa imewaka mara ya mwisho nilipoitazama, na sasa niliisubiri iwake tena, na haikuwaka. Mbele yetu palikuwa na weusi mrefu uliofunika nyota za chini, na juu yake vichwa vya kitu fulani vilikuwa vinayumba.

Nimefikiria sana kuhusu dakika ile. Nilipewa chuma na uzi ili visinidanganye, na havikunidanganya. Kama sisi hatusogei, basi kinachosogea ni kile. Bibi alikuwa ameniambia kweli, na ushahidi nilikuwa nimeushika mkononi.

Nilikwenda kumtikisa nahodha mguu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na nililimeza. Kijana wa kidato cha nne, niliyesoma jiografia, nikalimeza.

"Nahodha. Njoo uone."

"Nini?"

"Njoo uone tu, mzee."

Alitoka, akasikiliza mara moja, wala hakuuliza zaidi. Hakulitaja na yeye. Alipiga kelele kuelekea chumba cha injini: "Hamisi! Washa!" Kwangu alisema kwa sauti ya chini, kwa haraka, kama mtu anayehesabu: "Ni mafunjo. Yamekatika ufukweni na mizizi yake. Yanakuja juu ya kamba. Yakiikumbatia, nanga haitashika mzigo wote huo. Na yakifika kwenye propela kabla hatujawasha, tumekwisha. Leta dumu tupu."

Nanga yenyewe hatungeweza kuipandisha. Ilikuwa mbele sana, na mafunjo yalikuwa yameshapita juu yake. Kilichobaki ni kufunga dumu kwenye ncha ya kamba ili lielee, kisha kuiachia yote na kurudi kuichukua asubuhi. Lakini hatukuweza kuachia kabla injini haijawaka, kwa sababu ya yale mawe. Kwa hiyo tulisimama na kungoja. Nilimsikia Hamisi akizungusha hendeli, injini ikikohoa na kunyamaza. Akazungusha tena. Ikanyamaza.

Mafunjo yaligusa mbele ya boti bila kishindo. Ilikuwa kama kusukumwa na bega la mtu. Mabua marefu kuliko mimi yalipanda juu ya ukingo, vyura wakanyamaza wote kwa pamoja, na kamba ya nanga ikaanza kutetemeka. Niliihisi kwenye nyayo, kupitia mbao.

Hapo ndipo Sospeta alipoamka. Alikuwa amelala mbele juu ya mifuko ya saruji. Alijiinua, akaona majani usoni mwake, akanusa tope.

"Kumbe tumefika kisiwani," alisema. "Na mmeniacha nimelala kama mzigo."

Alisema hivyo kwa uchangamfu kabisa. Akaokota kamba ya kufungia boti, kama alivyofanya katika kila gati, akarusha mguu nje.

Nilikuwa karibu naye kuliko nahodha. Nilimshika suruali kwa nyuma kwa mkono mmoja, mwingine ukashika mkanda wake. Mguu wake ulipita kwenye majani kama unavyopita kwenye uji, hadi kwenye nyonga, na nilisikia maji yakimvuta. Boti ilikuwa inasukumwa nyuma huku mafunjo yakiingia chini yake. Kama angekwenda mzima, angetokea chini ya mkeka ule wa mizizi, na hakuna mkono ambao ungempata.

"Usiachie," alisema. Safari hii hakukuwa na utani. "Dogo, usiachie."

Nahodha alikuja akamshika kwapani, tukamvuta pamoja, akaanguka juu ya saruji bila kiatu. Wakati huo huo injini iliwaka. Nahodha alikimbilia usukani, akatia gia ya nyuma, akanipigia kelele: "Achia!" Niliitupa kamba na dumu lake. Boti ilirudi nyuma polepole, mabua yakikwaruza mbao, kisha yakaachana nasi. Tulipopata nafasi nahodha aligeuza, tukakaa pembeni, na tukakitazama kikipita.

Kilichukua muda mrefu kupita. Ndege fulani aliamka ndani yake akalalamika. Baadaye vyura walianza tena, na sauti yao ikaelekea upande wa mawe hadi tukaacha kuisikia. Sospeta alikaa ameshika mguu wake kwa mikono miwili.

Kulipokucha tulitafuta dumu, tukalikuta mbali, na nanga ikapanda na mizizi. Gatini mwenye saruji aliuliza kwa nini tumechelewa. "Upepo," nahodha alisema.

Nilimpigia Bibi simu siku ile ile. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia nimekiona. Nilitarajia aulize kilikuwa kikubwa kiasi gani, au afurahi kwamba alisema kweli.

"Nani alishuka?" aliuliza.

"Hakuna, Bibi. Mmoja alitaka. Tulimshika."

Nilimsikia akishusha pumzi. Ndipo akaniambia habari za kaka yake, ambaye sikuwahi kujua kama aliwahi kuwa naye. Kaka huyo na mwenzake walikuwa kwenye mtumbwi, wamepotea usiku, wamechoka. Mwenzake akaona weusi mbele akasema, kisiwa hicho. Kaka yake akashuka kuvuta mtumbwi.

Sasa mimi ni mtu mzima, na kazi yangu ni kuyaita mambo kwa majina yake. Najua mafunjo ni mafunjo, na naweza kueleza jinsi upepo unavyoyakata na kuyasukuma. Bibi hakuwa na maelezo hayo. Alikuwa na neno moja lililomuua mtu aliyempenda, akalitoa kinywani mwa watoto wote wa nyumba yake.