Malkia Aliyeachwa Makusudi

Nyinyi mnaosema michezo ya simu ni ya watu wasio na kazi, mnanichosha. Kaeni hapo niwaambie habari za Mama Unga.

Mama Unga anaoka mikate. Rafiki yake wa tangu utoto anauguza wagonjwa nchi ya mbali. Huku kukipambazuka, kule ndiyo kwanza analala. Kupigiana simu kukawashinda. Wakabaki na chesi ya kwenye simu: unacheza zamu yako ukipata nafasi, mwenzako ana siku tatu za kujibu. Zikipita, mchezo unafungwa, umeshindwa.

Siku moja kibao kikageuka, muuguzi akawa mgonjwa. Akaandika: "Kesho napasuliwa. Siku za likizo za mchezo, zile za kusimamisha saa, nilishazimaliza nikihama nyumba. Lakini nimekuachia majibu. Ukicheza nilivyokisia, simu itajibu yenyewe. Ukienda kinyume, yanafutika, na saa yangu inaanza kukimbia. Usiniulie mchezo, mwenzangu."

Mama Unga akasogeza askari. Jibu papo hapo! Akakaa karibu siku tatu za zamu yake, kumvutia mwenzie muda, akasogeza ngome. Jibu papo hapo. Mwenzie yuko kitandani, lakini bado anamjibu.

Jibu la pili likamwacha malkia wa rafiki yake wazi, hana mlinzi.

"Mle huyo!" akafoka mwenzake wa tanuri, akichungulia na unga puani. "Unangoja nini, akuandikie barua?"

"Nikimla, namnyamazisha. Hilo hakulikisia, majibu yatafutika."

"Huu mchezo au upatu wa kungojeana zamu?"

"Angalia mikate yako, inaungua."

Angekuwa amekisia nini? Miaka yote rafiki yake amemcheka: wewe ukikwama tu, unakimbilia farasi. Mama Unga akavuta muda kadiri saa yake ilivyoruhusu, kisha akasogeza farasi.

Kimya.

Akaifuta skrini kwa aproni. Kimya. Saa ya rafiki ikaanza kushuka. Mkate wa siku hiyo haukuumuka, na wateja walisema. Kesho yake, kimya. Mwenzake wa tanuri akaacha utani, akambebea magunia bila kuombwa.

Siku ya tatu, katikati ya kukanda, simu ikalia. Malkia alikuwa amerudi nyuma, mahali salama. Chini, ujumbe:

"Nimeamka, bado nakoroma nikikaa. Majibu yaliishia kwenye ngome, sikuwa na nguvu ya kuandika zaidi. Wewe, hukumwona malkia?"

Mama Unga akapangusa macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na donge la unga.

"Malkia gani tena?"

"Muongo mkubwa! Ulimwona."

"Pona kwanza, nitakuja kumla ukiwa macho."

Jamaa wa tanuri naye sasa kaomba afundishwe.

Sasa wewe unayesoma: kuna mtu mahali anangoja zamu yako, na saa inashuka. Weka hii chini. Kacheze.