Walubengo na Somo la Dirishani

"Mwalimu Kipyegon, huyo Walubengo ni mkwe wangu! Mkwe! Amelipa ng'ombe kwangu. Leo nikae na yeye darasa moja akitaja damu ya wasichana? Wazee wakisikia wataniambia nini?"

Madam Nakhungu alikuwa amesimama kwa mlango wa ofisi, mgongo ukiangalia nje. Nje, kando ya tangi la maji, Walubengo naye alikuwa ameangalia chini kama mtu anatafuta shilingi imepotea. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Wabukusu ndivyo tuko: mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawakai nyumba moja, na wakikutana njiani mmoja anajifanya kukata kona.

Kipyegon, hedimasta, ni Mkalenjin wa kutoka Mlima Elgon, na hii mambo ilikuwa inampita.

"Madam, si ni kukaa tu? Huongei hata neno."

"Kukaa ndiyo shida yenyewe, bana!"

Shule iko nje kidogo ya Naitiri, na siku hiyo wasichana wa gredi ya sita hadi ya tisa walikuwa wafundishwe juu ya hedhi. Nesi wa zahanati ndiye alikuwa afundishe. Asubuhi akapiga simu: kuna mama amekuja kujifungua na hawezi kumwacha. Akabaki Walubengo, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye alikuwa ameandika mpango wa somo pamoja na nesi. Lakini shule ina sheria: mwanaume hafundishi wasichana mambo ya mwili bila mwalimu wa kike ndani. Walimu wa kike ni wawili, na mmoja yuko likizo ya uzazi.

"Basi tuahirishe," Kipyegon akasema. "Term ijayo nesi atapata nafasi."

Walubengo akainua kichwa. "Term ijayo Nasambu atakuwa Kitale, mwalimu."

Nasambu ni mtoto wa jirani, yuko gredi ya saba. Mwezi uliopita alichafuka sketi darasani na vijana wakamcheka mpaka akabaki nyumbani, harudi tena. Walubengo alimkuta kwenye ziara zake za boma kwa boma, akiwa amejificha nyuma ya jiko. Mama yake alikuwa ameshaongea na shangazi aliye Kitale: huyo msichana aende akamsaidie kazi ya nyumba, shule ameikataa. Nguo zake zilikuwa tayari kwa mfuko. Walubengo akaomba, "Mama, nipe siku moja tu. Aje asikie hiyo somo. Akikataa tena, mimi mwenyewe nitambeba na pikipiki mpaka stage ya matatu." Na sasa Nasambu alikuwa amekuja. Alikuwa amekaa dawati la nyuma, na sweta amefunga kiunoni kuficha sketi, na jua lote hilo.

Mambo ya kukwama Walubengo hayapendi. Huyo ni mtu amefanya kazi zote: ameuza nyanya Kitale, amekuwa utingo wa lori la mahindi, amechimba mchanga, na hakuna hata moja ilimaliza mwaka. Watu walipomchagua kwa baraza awe mhudumu wa afya, mke wake Phelista, binti ya Nakhungu, alicheka: "Hii nayo utaiacha lini?" Hakuiacha. Kazi ya kutembea boma hadi boma ilikuwa kama imepimwa kwa miguu yake.

"Mwalimu," akamwambia Kipyegon, kwa sauti ya kufika mlangoni, "kwa matanga sisi wakwe tunakaa nyumba tofauti na kazi inaenda. Mwambie mama achukue huu mpango, afundishe ndani. Mimi nitakaa nje chini ya dirisha. Akikwama, nitajibu ukuta, si yeye."

Nakhungu akasema, pia kwa Kipyegon, "Mwambie asije akachungulia."

"Amesema usichungulie," Kipyegon akasema, uso mzito kabisa.

"Mwambie nimesikia."

Basi Kipyegon akawapeleka vijana uwanjani, awaambie kwamba kucheka msichana juu ya hedhi ni ujinga na kuna adhabu. Nakhungu akaingia darasani na karatasi. Walubengo akakaa kwa nyasi, mgongo kwa ukuta.

Sehemu ya kwanza ilienda vizuri. Hedhi si ugonjwa, si laana. Wengi wanaanza kati ya miaka tisa na kumi na tano. Inakaa siku mbili mpaka saba, na miaka ya kwanza inaweza kuruka-ruka. Osha mikono kabla na baada. Jioshe sehemu za nje tu na maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, sabuni isiingie ndani. Pedi ubadilishe kila baada ya saa nne mpaka sita, hata kama haijajaa.

Ikafika maswali. Wasichana wakaangalia madawati.

"Hakuna swali? Haya, mimi nitauliza," Nakhungu akasema. "Nani ameambiwa akipita kwa shamba ya njugu siku hizo, njugu zinakauka?"

Mikono ikapanda, na kicheko.

"Uongo! Mimi nimepanda njugu miaka yote na siku zote. Zimekauka? Nyinyi si mnazikula hapa break?"

Hapo wakafunguka. Mmoja akauliza kuhusu kitambaa.

"Kitambaa kisafi cha pamba ni sawa. Loweka kwa maji baridi, fua na sabuni, anika kwa jua. Si chini ya godoro! Jua ndiyo inaua vijidudu."

"Madam, tumbo ikiuma?"

Nakhungu akageuza karatasi, hakuona jibu. Akapaza sauti. "Wewe ukuta!"

"Kitambaa cha moto kwa tumbo, na kutembea-tembea," ukuta ukajibu. "Dawa ya maumivu, muulize nesi kwanza. Lakini ikiuma mpaka huwezi kuja shule, ama pedi inajaa kila saa, ama umefika miaka kumi na tano na haijaanza, enda zahanati."

Wasichana wakacheka mpaka benchi ikalia. Halafu sauti ndogo ikatoka nyuma.

"Na nitabadilishia wapi? Choo yetu mlango haifungi. Ndiyo maana siku ile nilikaa tu."

Ilikuwa Nasambu. Nje, Walubengo akajishika kichwa. Ameandika saa, ameandika sabuni, ameandika kufunga pedi kwa karatasi na kuitupa kwa pipa la taka za kuchomwa, si kwa shimo la choo. Mahali pa kubadilishia hakuandika. Hata haikumwingia.

"Mkwe wangu ni mwanaume, hakujua," Nakhungu akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumtaja hivyo mbele ya wanafunzi. "Mimi ni mwanamke, na nilijua nikanyamaza. Kuanzia leo ufunguo wa choo ya walimu iko kwa meza yangu, pamoja na pedi. Usiniambie sababu. Chukua tu, nenda."

"Hata katikati ya hesabu?"

"Hesabu itakungoja, mama."

Nasambu akafungua sweta kiunoni, akaivaa vizuri mabegani kama watu wengine. "Basi kesho nitakuja," akasema.

Walubengo alisikia, akapumua mpaka mabega yakashuka. Alitaka kusema asante, lakini ataiambia ukuta? Simu ikalia: kwa boma la Sifuna mtoto anaharisha tangu asubuhi, na chumvi ya kuongeza maji mwilini imeisha. Akabeba mkoba, akapita upande wa mbali wa uwanja asikutane na mama mkwe, akawasha pikipiki.