Mawe Ndani ya Maharagwe

Mimba ilipofika miezi minne, macho yangu yalikauka na kuwasha kama yameingia mchanga. Nesi wa kliniki aliniambia ni kawaida, yangetulia nikishajifungua. Mwezi wa nane, nikichambua maharagwe ya kuuza sokoni Gakoromone, nilianza kuona ukungu na nyota, na kichwa kikaniuma. Mteja alirudisha kilo mbili zilizojaa mawe. Nikamwambia ni macho ya mimba tu, nikaendelea kuchambua siku tatu.

Nilipoenda kliniki, nesi alinipima presha, akapima tena, kisha akatafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Akaniambia polepole kwamba ukungu ule ulikuwa dalili ya presha kupanda, nilipaswa kuja siku ileile.

Siku hizi naona vizuri. Hakuna jiwe linalonipita.