Bi Zima na Dumu la Njano

Wifi yangu anauza mafuta ya taa. Natamka "ya taa" kwa makusudi. Zamani nilikuwa nasema "mafuta" tu, kama wenye haraka wote, na ninaposimulia haya mtaona haraka yangu ilitaka kunipeleka wapi.

Meza yake iko mbele ya nyumba ya kaka yangu. Ana dumu kubwa la bluu, faneli iliyofungwa kitambaa cha kuchujia, vikombe viwili vya kupimia, na sanduku la tambi za taa na mishumaa. Mtaa mzima unamwita Bi Zima. Jina hilo amejitafutia mwenyewe. Ukishalipa hakupi chupa yako, anaishika kwanza, anakutazama usoni, anauliza, "Na kabla ya kulala?" Usipojibu "Nazima," mtasimama hapo mpaka kuche. Nimeona mzee mzima, mwenye wajukuu na fimbo, akijibu "Nazima" kama mtoto wa darasa la kwanza.

Na hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni "Mafuta ya nini?" Watu hukasirika. Mtu ameleta chupa, umeme unakatika kila jioni wiki ya tatu sasa, halafu anaulizwa mafuta ya nini! Ya kuoga? Mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Nikikaa naye mezani namwigiza mbele ya wateja, midomo nimeibana kama yake, na yeye ananiacha, kwa sababu mawifi wameumbiwa kutaniana na kwa sababu hana muda na mimi.

Kwake nyumbani ndio usiseme. Mshumaa hausimami juu ya meza wala stuli. Unasimama ndani ya kopo lenye mchanga, na kopo liko kwenye sahani. Taa haiingii chumba walimolala watoto. Ukitaka kumtazama mtoto usiku, unachukua tochi. Siku moja nilijaza kibatari huku kinawaka, nikijiona mjanja wa kuokoa njiti ya kibiriti, akanipokonya mkononi, akakizima, akasema, "Subiri kipoe." Tukakaa gizani dakika kumi tukisubiri bati lipoe. Nilinuna mpaka asubuhi.

Sasa siku yenyewe. Bi Zima aliitwa kikao cha wazazi shuleni. Dumu la bluu lilikuwa limekauka, na mwenye mkokoteni alikuwa aje na mzigo. Akaniachia meza.

"Wifi, mafuta ya taa yakija yaache kwenye dumu lao. Usimuuzie mtu mpaka nirudi niyaone."

"Uyaone au uyapose?"

"Usimuuzie mtu," akarudia, akaenda.

Nilikuwa na mafua makali. Pua zote mbili zimeziba, napumua kwa mdomo. Kama saa kumi hivi mwenye mkokoteni akafika na mzigo mrefu kama nyumba, jasho linamtiririka. Akashusha dumu la njano miguuni pangu.

"Mafuta haya. Mwenyewe akija mwambie yamefika."

"Nitamwambia," nikasema.

Hayo tu. Mwenyewe! Kwangu mwenyewe alikuwa Bi Zima. Kwa mwenye mkokoteni, mwenyewe alikuwa kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye duka lake lilikuwa limefungwa saa ile na ambaye jenereta yake inakunywa petroli. Yeye naye akitaka petroli husema "mafuta". Sote tulisema neno moja na kila mtu akaelewa lake.

Saa kumi na moja na nusu akaja Bibi wa Mapacha. Ni mama mtu mzima, anaishi mwisho wa mtaa na wajukuu wake wawili wa miaka mitatu. Mama yao anafanya kazi ya zamu hospitali. Alikuja taratibu, goti linamsumbua, chupa kwenye kikapu.

"Mwanangu, nipimie kikombe kimoja. Umeme utakatika sasa hivi."

Nikakumbuka nilivyoambiwa. Nikatazama lile goti, nikatazama umbali wa kwake, nikasema moyoni Bi Zima naye amezidi. Nikafungua dumu la njano. Nikapima kikombe, nikamimina kwa faneli, nikaziba chupa kwa karatasi niliyoisokota. Sikunusa kitu, hata ungeniwekea vitunguu puani nisingejua. Sikumuuliza ya nini. Ile "kabla ya kulala" ndiyo niliiuliza, kwa sauti ya kuigiza, na bibi wa watu akacheka, akajibu, "Nazima, mwanangu."

Bi Zima alirudi kwenye saa kumi na mbili. Jua lilikuwa linazama na umeme ulikuwa umekatika muda huo huo, mtaa mzima ulipiga ile kelele ya "Aaaah!" Hakuwa hata amevua viatu. Alishika faneli, akaisogeza puani, akasimama wima.

Akamimina kidogo kutoka dumu la njano kwenye kikombe, akachovya kidole, akajipaka mgongo wa mkono. Akasubiri. Mafuta ya taa hubaki, yanateleza, unayafuta kwa nguo na bado yapo. Yale yalikauka yenyewe machoni petu, kama maji kwenye bati la moto.

"Wifi, hii petroli," akasema. "Umemuuzia nani?"

Nikamtaja. 

"Yule anayelaza watoto mapema?"

Simu ya Bibi ilikuwa kwa kinyozi, inachajiwa. Tuliiona kupitia dirisha la duka. Hakukuwa na mtu wa kumpigia. Bi Zima alivua viatu vya kikao akaviacha barabarani, tukakimbia. Mimi ni mkubwa wa mwili na sijakimbia tangu niolewe. Nilikimbia. Kila dirisha tulilopita mtu alikuwa anawasha kitu, na kila kibiriti kilichowaka kilinichoma mimi. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, sina hata haya: goti lake limuume, akae njiani apumzike, achelewe.

Hakuwa amechelewa. Dirisha la chumba lilikuwa na mwanga.

Nilitaka kuupiga mlango kwa ngumi zote mbili. Bi Zima alinidaka mkono. Akanivuta dirishani, akanionyesha bila kusema.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Ile chupa ilikuwa katikati ya magoti yake. Kando yake kibatari, kifuniko kimeshafunguliwa, utambi umelazwa chini. Na ili aone vizuri anapojaza, alikuwa amewasha mshumaa. Ameugandisha kwa nta yake juu ya stuli, pembeni ya godoro. Chandarua kilikuwa kimetuna kwa upepo wa dirisha, kinaigusa stuli, kinaiacha. Ndani ya chandarua mapacha wamelala, mmoja ametoa mguu nje.

Mkono wa Bibi ulikuwa juu ya ile karatasi ya kuzibia. Anaizungusha.

Hapo ndipo nilipomjua wifi yangu. Kelele moja ingemshtua, chupa ingemwagika kwenye mkeka, na mvuke wa petroli haungoji ufikiwe na moto. Wenyewe unautambalia moto chini chini mpaka ulipo. Alilainisha sauti mpaka ikawa ya mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Hodi, Bibi."

"Nani?"

"Mimi, Bi Zima."

"Karibu, mama. Ngoja nijaze taa, nakuja kukufungulia."

"Bibi, kuna kitu kimeniingia jichoni. Kinaniuma vibaya. Njoo na huo mshumaa unimulikie."

Bi Zima ambaye hasemi uongo hata kwa wageni!

"Jicho? Pole. Nimalize hii, mara moja tu."

Karatasi ikazunguka tena.

"Siwezi kungoja, Bibi. Nitapofuka. Nakuomba, mama yangu."

 Nilikuwa nimeuma kanga yangu. Kisha Bibi akaguna, akaikandamiza karatasi, akaiegemeza chupa ukutani. "Macho yangu yenyewe haya," akasema, "utamulikiwa na kipofu." Akainuka kwa kushika ukuta, akaubandua mshumaa kwenye stuli. Alipofika mwisho wa godoro akauona ule mguu. Akainama na mshumaa mkononi ili aurudishe ndani ya chandarua.

Mwali ulipita karibu na wavu, upana wa kiganja. Sikupumua, wala kwa mdomo.

Akaja. Komeo likalia. Bi Zima aliupokea mshumaa kwa mikono miwili, akautoa polepole, akatembea nao hatua kumi mpaka upande wa pili wa ua, akauzima. Ndipo akasema:

"Bibi, kwenye ile chupa kuna petroli. Usiwashe chochote. Tuwatoe watoto kwanza."

Nilitoa simu nimulike, akanikataza hata hiyo. Mwanga wa jioni ulitosha. Nilimbeba pacha mmoja, Bibi mwingine, wazito wa usingizi. Bi Zima alifungua madirisha yote, akatoa chupa, kibatari na mkeka, akavipeleka mbali uani. Karatasi yangu ilikuwa inavuja; mkeka ulikuwa na doa, na upindo wa kanga ya Bibi pia. Akamwosha mikono kwa sabuni, akambadilisha kanga, akamketisha kwenye ngazi. Akamwekea tochi yake mapajani na kumwambia leo hakuna moto katika nyumba ile, hata wa kupikia, mpaka harufu iishe kabisa.

 Bibi alitazama doa, akatazama watoto.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Tumekosea, Bibi," Bi Zima akasema. "Sisi tumekosea pale mezani."

Sisi. Angeweza kunitaja, alikuwa na haki, na mimi ningekuwa na la kujibu: mafua, mkokoteni, neno. Alilitoa jina langu kama alivyoutoa mshumaa. Ile "sisi" ndiyo iliyonivunja.

"Si sisi," nikasema. "Yeye alinikataza nisiuze. Ni mimi, Bibi. Ni mimi peke yangu."

 Bibi alinitazama, na mimi nikasubiri anitukane, nilitamani anitukane. Pacha aliyekuwa naye akaweweseka usingizini. Bibi akamwinua, akanisogelea, akamlaza kwenye bega langu lililobaki wazi.

"Basi utawashika wewe," akasema, "mpaka chumba kiishe harufu. Na wasiamke."

Nikakaa pale ngazini, mmoja kila bega, pumzi zao za moto shingoni pangu. Mikono ilikufa ganzi. Sikuthubutu hata kujisogeza.