Nukta za Upande wa Tanimu

Watu wa Kwarbai, katika mji mkongwe wa Zaria, walimjua Tabawa kwa harufu kabla ya sura. Alfajiri, moshi wa mafuta ya karanga ulipopita juu ya kuta za udongo, walijua bajia zake za kunde zimeingia kikaangoni, na watoto walitoka na mabakuli ya uji wakimtafuta. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, pamoja na kikaango na kigoda.

Alipokuwa bibi wa wajukuu wengi, alianza chuo cha Kurani. Sura fupi alizihifadhi tangu utotoni kwa kusikia, na alisali nazo maisha yake yote, lakini hakuwahi kuzisoma kwa macho. Alitaka, kabla macho hayajaisha, aione japo moja imeandikwa mbele yake na ajue ipi ni ipi. Basi kila alasiri alikwenda uani kwa mwalimu wao, Malama Saude, wanawake wa mtaa walikokaa mkekani na mbao zao za kuandikia mapajani.

Herufi nyingi alizishika upesi. Zilizomkwamisha ni tano: ba, ta, tha, nuni na ya. Nuni na ya zikiwa peke yake, kila moja ina umbo lake, lakini zinapoanza neno, zote tano hubaki jino moja dogo linalofanana, na kinachozitenganisha ni nukta tu. Tabawa aliujua wimbo wa nukta hizo vizuri kuliko wote.

"Ba, moja chini. Ta, mbili juu. Tha, tatu juu. Nuni, moja juu. Ya, mbili chini," aliimba huku anamenya kunde.

Lakini Malama akimwekea kidole kwenye ba, alisema nuni. Kwenye nuni, alisema ba. Ta aliiita ya, na ya akaiita ta. Tha peke yake hakuikosa.

"Shangazi, unabahatisha," Malama alimwambia kwa upole. Malama alikuwa na umri wa binti wa mwisho wa Tabawa.

"Sibahatishi, Malama. Ndivyo ninavyoziona."

Jumatano moja, siku ya kufunga juma la chuo, Malama alitangaza kwamba atakayezitambua herufi zote ataandikiwa sura yake ya kwanza. Atakayekwama atarudi kundi la asubuhi, la watoto.

Kundi la asubuhi lilikuwa na mjukuu wa Tabawa, Ladidi, aliyeng'oka jino juzi. Na asubuhi ndiyo saa ya bajia. Akirudi huko, ama aache kikaango, ama aache chuo. Na kikaango ndicho kilichomlisha Ladidi.

"Usijali, bibi harusi," Kande alimnong'oneza. Kande alikuwa jirani na shoga yake wa utani. "Ladidi atakushika mkono njiani usigongwe na mbuzi."

"Wewe soma ubao wako. Jana uliniuliza alifu ina nukta ngapi."

"Nilikuwa nakupima."

Malama alimwita Kande kwanza. Alimwandikia meno yale matano kwa kalamu ya bua na wino wa masizi, akaulaza ubao mkekani mbele yake. Tabawa alikuwa amekaa upande wa pili, wakitazamana. Kande aliukodolea ubao macho kama mtu aliyeona nyoka.

Tabawa hakukusudia. Midomo yake ilijiendea tu, kwa sauti ya chini: "Nuni. Ba. Ya. Tha. Ta."

Kande akazirudia moja moja, kifua mbele. Zote zilikuwa sawa.

Malama aliinua uso. "Nani kasoma hapa?"

"Mimi," alisema Kande.

"Shangazi Tabawa?"

Tabawa aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Malama. Maneno yamenitoka."

Malama hakukasirika. Aliuchukua ubao wa Tabawa mwenyewe, wenye herufi zilezile, akaugeuza juu chini, akamrudishia mapajani. "Nisomee huu."

Tabawa alianzia kushoto na kusoma hadi mwisho bila kusita wala kukosa.

"Nani alikufundisha?" Malama aliuliza.

Hapo Tabawa akauona ukumbi wa baba yake, mchanga wake umefagiwa, na bakuli la kunde zilizolowekwa limekaa katikati ya miguu yake midogo. Tanimu, kaka yake, alilaza ubao juu ya mkeka na kukariri huku anayumba. Ubao nyumbani ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa Tanimu. Yeye alimenya kunde za mama akiwa amemkabili kaka yake, na akitaka kuona, aliona kutoka alipokaa. Tanimu alikuwa akimrushia ganda la kunde na kumwambia huku anacheka, "Ba, moja chini. Umeiona?" Naye alijibu ameiona, kwa kuwa nukta ilikuwa pale, upande wa kaka yake, karibu na magoti yake yenye vumbi. Chini kulikuwa kwa Tanimu. Juu kulikuwa kwake.

Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo, msimu wa joto na upepo wa vumbi. Ikamchukua Tanimu na watoto wengine wa mtaa. Hakuna aliyebaki wa kuugeuza ule ubao.

"Kaka yangu," alisema Tabawa. "Alikuwa anakaa mbele yangu."

Malama aliugeuza tena ubao ukae sawa. "Siwezi kukuandikia sura hivi, Shangazi. Kalamu hushikwa kutoka upande huu, na kesho utataka kuandika mwenyewe. Nakupa mpaka Jumatano ijayo."

"Na asipoweza?" aliuliza Kande, mara hii bila utani.

"Atakuja asubuhi."

Nyumbani, Tabawa aliutoa ubao wa Tanimu ulipokuwa umetundikwa juu ya kitanda chake. Ulikuwa umekaukiwa na wino wa miaka ile, madoa ya masomo yaliyooshwa na kuandikwa tena. Aliulaza mkekani, akachora jino moja kwa masizi, akaweka kunde moja mahali alipopajua kuwa ni pa ba. Ilikaa mbali naye, kule upande wa kaka yake.

Aliitazama. Halafu akainuka, akazunguka mkeka taratibu kwa magoti yaliyochoka, akakaa alipokuwa akikaa Tanimu.

Kunde ilikuwa chini ya jino, karibu na magoti yake.

Alikaa hapo muda mrefu. Mbele yake, ng'ambo ya ubao, aliliona bakuli la kunde na nafasi aliyoiacha. Kumbe hivi ndivyo Tanimu alivyokuwa akimwona: msichana mdogo anayemenya, macho kwenye ubao, anadakia kila kitu. Ndiyo maana alikuwa akicheka.

Juma lile bajia zilichelewa mara kwa mara, na wateja wakanung'unika. Tabawa alimenya akiwa amekaa upande ule mwingine, akihamisha kunde juu na chini, moja, mbili, tatu, akiimba.

Jumatano Malama aliweka kidole kwenye jino la kwanza. Nukta ilikuwa moja, chini. Tabawa alifungua mdomo kusema nuni, akausikia ulimi unavyojiandaa, akaufunga. Aliyatazama magoti yake mwenyewe.

"Ba," alisema.

Zilizobaki zikafuata, polepole, kulia kwenda kushoto.

Kande alishusha pumzi kuliko mwenye mtihani. "Sasa mimi nitanong'onezwa na nani?"

Malama alichovya kalamu wino, akaanza kuandika sura ya kwanza. Tabawa alisogea nyuma kidogo, akaacha nafasi mbele ya ubao, kama anayempisha mtu akae.