Birika la Muadhini

Mzee Isihaka, muadhini wa msikiti mdogo wa Shangani, alikuwa na sauti ya kumwamsha hata mvivu aliyelipwa alale. Tatizo lilikuwa huko chini. Anatawadha vizuri, anafika mlangoni mwa msikiti, tone linashuka. Anarudi chooni, anasimama weee, anasukuma, kinatoka kiuzi chembamba kinachokatika katika. Mpaka atawadhe tena, wakati wa adhana umeshapita. Sasa wazee walikuwa wanasema apumzike, Shabani ashike kipaza sauti. Shabani! Mtu ambaye sauti yake inafukuza kuku.

Isihaka akaamua kuukomesha mkojo kwa kiu. Mchana kutwa hagusi maji. Baada ya Isha, udhu ukiwa hauna kazi tena, anafuturu kama yuko Ramadhani: birika zima la chai ya rangi, na kahawa juu yake. Kisha usiku anapishana na popo njia ya choo.

Mkewe, Bi Warda, alikuwa akihesabu mlango unavyolia, moyo juu. Asubuhi moja akajifunga buibui.

"Baba Zulfa, twende hospitali."

"Ni uzee tu, mke wangu."

"Uzee haunyimi mtu mkojo. Unasubiri uzibe kabisa?"

Tabibu Andrea aliwapokea kwa shikamoo. Mkojo ukapimwa, damu ikachukuliwa. Kisha akavaa glovu na kumwomba mzee alale ubavu.

"Mwanangu, kibovu ni cha mbele. Mbona unabisha hodi uani?"

"Tezi dume inapapaswa kwa huku, mzee. Ukikubali, ni dakika moja."

"Kubali!" Bi Warda alipaza sauti nyuma ya pazia. "Mimi nilizaa sita, nani aliniuliza habari ya aibu?"

Akakubali, akisoma dua zote anazozijua.

Tezi ilikuwa kubwa, laini, haina vinundu. Ilikuwa inaubana mrija wa mkojo. Andrea alisema haionekani kama saratani, ila wasubiri majibu ya damu na picha ya kibofu. Akampa vidonge vya kulegeza njia, akamwonya asiinuke ghafla, kizunguzungu kisimwangushe.

"Na maji unakunywaje?" akauliza.

Bi Warda akamchomea mumewe siri yote ya lile birika la usiku.

Andrea akacheka mpaka akavua miwani. "Umeipindua saa, mzee. Kunywa maji asubuhi na mchana. Saa mbili tatu kabla ya kulala, punguza. Chai na kahawa za usiku, acha. Ukikojoa, ngoja kidogo, jaribu tena. Ila mkojo ukigoma kabisa, au ukiona damu, au homa, usingoje kesho."

Majibu yalirudi salama. Vidonge vikafanya kazi polepole. Birika likahamia asubuhi.

Alasiri moja Bi Warda alikuwa anakuna nazi aliposikia adhana. Si ya Shabani: kuku walikuwa wametulia. Akasimamisha mkono, akasikiliza kwa hofu mpaka neno la mwisho. Haikukatika popote.

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi kwenye mbuzi yake. "Kidole kimoja tu cha tabibu, na alinisumbua mwaka mzima."