Raba Yangu na Penseli ya Dada

Pale Bwera nilikuwa na kibanda cha kuchapa na kuskani, na kiburi kikubwa kuliko mashine zote mbili zilizokuwamo. Nilikuwa nimejifunza kompyuta Kasese wiki tatu. Basi, nani angeniambia kitu?

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa anasomea ukunga Kisinga, aliniletea kitabu cha kuazima. Mwenye kitabu, muuguzi wa Kasese, alikuwa amekipaka kalamu ya njano karibu kila mstari. Dada naye alikuwa amejaza pembeni kwa penseli ngumu isiyokolea yale aliyofundishwa wodini. Kitabu cha watu hakiandikwi kwa wino.

"Skani kurasa zote," akasema. "Toa njano, maandishi yangu yabaki. Mtihani ni wiki ijayo. Penseli nitaifuta mimi nikirudi, kitabu kirudi kwa mwenyewe kikiwa safi."

Nikaskani. Ili mafaili yawe madogo nikageuza kila kitu kuwa kijivu, nikahifadhi juu ya yale ya rangi, yakapotea. Njano ikawa mistari ya kijivu chini ya maneno. Nikaongeza mwangaza mpaka ikaisha, maandishi meusi ya kitabu yakabaki yamesimama imara. Lo, nilivyojisifu! Kisha, kwa moyo wa kusaidia ambao hakuna aliyeniomba, nikachukua raba nikafuta penseli kitabuni, ukurasa kwa ukurasa.

Dada akarudi, akafunua zile karatasi nilizochapa. Pembeni kweupe pe.

"Penseli yangu iko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Kwenye kijivu, penseli yake na njano vilikuwa karibu sawa. Nilipoiua njano nikaiua na penseli. Ningeitoa njano picha zikiwa bado za rangi, penseli isingeguswa. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba bado kuna kitabu. Akakifungua. Akaniangalia.

"We mutoto! Hata hii umefuta?"

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia. Miezi mitatu ya wodini ilikuwa makombo ya raba sakafuni, na mimi ndiye niliyeyafagia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kumbe dada alikuwa na mkono mzito, huikandamiza penseli anapoandika. Nilipoinamisha ukurasa, nikaona mikwaruzo ya herufi zake. Tukafunga mlango mchana kweupe, nikamulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, akasoma vivuli vya herufi, nami nikaandika kwa wino pembeni mwa zile karatasi nilizochapa. Ukurasa mmoja ulitoa maneno matatu, mwingine haukutoa hata moja, maana raba niliikandamiza kwa bidii yangu yote.

Kwenye ukurasa wa kutokwa damu baada ya kujifungua alisoma mistari minne mizima, akapumua. Chini yake kulikuwa na mstari wa tano. Akausogelea, akausoma polepole:

"Nimwambie mdogo wangu asifute kitu kabla sijaona."

Hakucheka. Akaichukua raba yangu mezani, akaitia mkobani mwake, akafungua ukurasa uliofuata.

"Mulika," akasema.